Ukirudisha rasimu ya barua pepe na mwandishi akarekebisha kisichohitajika, tatizo liko kwenye rasimu au kwenye maoni?

#1 MtuWaTukuyu

Wakuu, salaam. Ninasimamia ghala dogo la kufungashia maparachichi huku Rungwe. Barua pepe za ofisi huandikwa kwanza na karani wetu, kijana mwenye bidii, kisha huniletea nizipitie kabla hazijatoka. Hivi karibuni mvua ilitukwamisha, ikabidi tumwombe wakala wetu wa usafirishaji aliyeko Dar es Salaam asogeze kontena la baridi kutoka Jumanne hadi Ijumaa. Rasimu niliyoletewa ilikuwa hivi:

> YAH: TAARIFA
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu. Awali ya yote tunapenda kuwashukuru kwa ushirikiano mkubwa mnaoendelea kutupatia. Kama mnavyofahamu, wilaya yetu imekuwa ikipata mvua nyingi kwa siku kadhaa mfululizo, hali iliyosababisha wakulima kushindwa kufika mashambani. Kutokana na hali hiyo, upakiaji uliopangwa Jumanne unaweza kuchelewa kidogo. Gharama za kontena kusubiri tutazibeba sisi kama mkataba unavyosema. Tunaomba mtuvumilie katika kipindi hiki kigumu.

Nikaandika juu yake: "Ni ndefu mno. Punguza, na lugha iwe ya kibiashara." Nikasahihisha pia mikato pamoja na maneno mawili matatu. Ikarudi hivi:

> YAH: TAARIFA MUHIMU
>
> Tajwa hapo juu lahusika. Tunawajulisha kuwa upakiaji wa Jumanne utachelewa kidogo kutokana na mvua. Tunaomba mtuvumilie.

Ni fupi kweli, lakini kwangu ni mbaya kuliko ile ya kwanza, kwa sababu sentensi ya gharama, ambayo ndiyo ingemtuliza wakala, imeondoka, na Ijumaa bado haijatajwa. Ninyi mnaopitia maandishi ya wengine, maoni yaandikweje ili rasimu inayofuata irekebishe kile hasa kilichoharibika?

#2 KonaYaKitonga

Mkuu, ulisema apunguze, naye amepunguza. Ulitaka lugha ya kibiashara, naye amekuletea "tajwa hapo juu lahusika". Kijana ametekeleza maagizo yote mawili na kwa haki anastahili posho.

#3 NjombeBaridi

Habari zenu. Mimi nasafirisha maparachichi kutoka upande wa Njombe, na nikuambie ukweli kwamba jambo kama hili halianzi na barua pepe. Unampigia wakala simu kwanza, kwa sababu yeye anatazama muda wa mwisho wa bandari kupokea mzigo wa meli ile, na muda huo ukipita hata barua nzuri namna gani haikusaidii. Baada ya simu unaandika kwa ufupi: namba ya oda ya kontena, siku ya zamani, siku mpya, nani atalipia kusubiri, na unaomba athibitishe kabla ya saa fulani. Kichwa kiwe "Ombi la kusogeza kontena hadi Ijumaa" na si "Taarifa", maana barua za taarifa watu huzisoma jioni.

#4 MtuWaTukuyu

Nashukuru, NjombeBaridi, ila barua yenyewe niliimalizia kwa mkono wangu na kontena lilisogezwa. Swali langu si barua iandikweje. Nauliza maoni yaandikweje, kwa sababu siwezi kumalizia kila barua mwenyewe.

#5 LolezaJuu

Nimefanya kazi ya kupitia mawasiliano ya mradi mmoja hapa Mbeya kwa miaka mingi, na mfano wako naufahamu vizuri.

Tazama kilichomo kwenye maoni yako. "Ni ndefu mno" ni hisia uliyoipata wewe ulipokuwa unasoma. "Punguza" ni dawa uliyoichagua kutokana na hisia hiyo. Katikati ya hayo mawili kulikuwa na jambo ambalo hukuliandika, nalo ni hili: wakala akifika mwisho wa barua hajui kontena lije lini wala anatakiwa kufanya nini. Barua ile haikuwa ndefu. Ilikuwa na sentensi sita tu, na ulichoka kwa sababu ulikuwa unatafuta Ijumaa na hukuiona. Karani amepokea dawa bila kuambiwa ugonjwa, na mtu wa namna hiyo hukata pale panapokatika kwa urahisi. Sentensi ya gharama ilikuwa imesimama peke yake, kwa hiyo ikaondoka.

Kabla sijatuma maoni yoyote ninajiuliza: mtu akiyatii neno kwa neno, kwa njia ya mkato kuliko zote, barua itakuwa sawa? "Punguza" ukilitii kwa mkato unafuta mistari. "Lugha ya kibiashara" ukiitii kwa mkato unaweka misemo ya ofisini. Maoni yasiyopita hapo nayaandika upya. Kwa barua yako ningeandika hivi:

"Msomaji ni wakala, na akimaliza kusoma anatakiwa awe tayari kubadilisha oda ya kontena. Kwa sasa hawezi, kwa sababu 'kuchelewa kidogo' haimwambii siku, na hakuna mahali tunapomwomba jambo lolote ila uvumilivu. Ombi la kusogeza hadi Ijumaa litangulie mengine yote. Sentensi ya gharama iache kama ilivyo. Mikato tutaitazama baadaye."

Sehemu ambayo watu wengi huisahau ni ile ya "iache kama ilivyo". Mwandishi aliyerudishiwa kazi huona kila sentensi imeshtakiwa, hivyo zile nzuri hana budi kutajiwa moja moja, la sivyo zinaondoka na mbaya.

#6 MzeeWaMasjala

Kamwene. Nimestaafu utumishi baada ya kukaa masjala kwa muda mrefu, na naona mnajipa kazi kubwa. Enzi zetu karani alileta rasimu ndani ya jalada, mkubwa akaifuta kwa kalamu nyekundu, akaandika juu yake maneno anayoyataka, na karani akapiga chapa nakala safi. Kijana alijifunza kwa kuona mkono wa mkubwa ukipita juu ya mkono wake. Maoni ya LolezaJuu hapo juu ni marefu kuliko barua yenyewe. Kama MtuWaTukuyu alijua kinachotakiwa, angeliandika sentensi mbili za mwanzo na kazi ingekwisha.

#7 BintiMufindi

Mzee wangu, shikamoo. Naomba nizungumze nikiwa upande wa karani, kwa sababu mimi ndiye ninayeandika rasimu katika kampuni ya mbao huku Mafinga. Bosi wangu hufanya kama ulivyosema, ila siku hizi kalamu nyekundu imehamia kwenye kompyuta. Anafungua hati katika Google Docs, anachagua `Suggesting`, anapita akibadilisha, na mimi nikiifungua nakuta rangi kila mahali. Ninabonyeza alama ya kukubali, moja baada ya nyingine, na kazi imekwisha. Ukiniuliza kesho yake kwa nini "mapema iwezekanavyo" iliondolewa ikawekwa "kabla ya Alhamisi saa sita mchana", nitakujibu kwamba bosi anapenda hivyo. Mwezi unaofuata naandika tena "mapema iwezekanavyo" kwa mteja mwingine.

Kuna jambo jingine ambalo hakuna aliyeligusa. MtuWaTukuyu alisahihisha mikato kwenye karatasi ileile aliyoandika maoni makubwa. Ukinirudishia karatasi yenye masahihisho madogo kumi na kubwa moja, nitaanza na hayo madogo kwa sababu najua namna ya kuyafanya, na nikifika kwenye kubwa naona nimeshafanya mengi, kwa hiyo nalifanya kwa haraka ili nikurudishie.

#8 ChakiNaUbao

Marahaba kwa niaba ya Mzee, kama hajaamka. Mimi ni mwalimu wa sekondari Iringa na husahihisha insha kwa mabunda. Nakubaliana na BintiMufindi kwamba makosa madogo huyameza makubwa, na hilo naliona kila muhula. Lakini sikubaliani na LolezaJuu kwamba mikato isubiri. Darasani ninayo nafasi ya kurudisha insha mara ya pili. Ofisini barua inatoka leo saa tisa. Ukisema "mikato tutaitazama baadaye", baadaye haitafika na barua itatoka na makosa yake.

Nina shaka nyingine kuhusu maoni marefu yenye kila kitu ndani. Ukimwandikia mwanafunzi kwamba aongeze jambo la kwanza, la pili na la tatu, insha itakayorudi itakuwa na hayo matatu tu, hata kama la nne lilikuwa dhahiri. Katika mfano wa LolezaJuu hakuna mahali anaposema wakala ajibu kabla ya saa ngapi. NjombeBaridi alilitaja katika #3, ingawa alikuwa anajibu swali ambalo hakuulizwa. Karani angemtii LolezaJuu kikamilifu na barua ingetoka bila saa ya mwisho ya kujibu.

#9 LolezaJuu

Mwalimu, kuhusu saa ya kujibu umenibana sawasawa na sitabishana. Ndiyo maana nilianza na sentensi inayomtaja msomaji na kazi anayotakiwa kuifanya, nikitumaini kwamba mwandishi akiielewa hiyo ataona mwenyewe lililosahaulika. Wengine huona, wengine hawaoni.

Kuhusu mikato, barua ikiwa inatoka leo mimi huisahihisha mwenyewe kimyakimya mwishoni kabisa, bila kuiweka kwenye maoni. Nikimwonyesha mwandishi mikato wakati ombi bado halijakaa mahali pake, namfundisha kung'arisha sentensi ambayo pengine itafutwa.

#10 NjombeBaridi

Nimesoma tena na naona kweli nilijibu swali jingine. Lakini hebu niwaonyeshe kitu ambacho ninyi wataalamu wa maneno mmekipita. Sababu iliyoandikwa kwenye rasimu si ya kweli, au angalau siyo yenyewe. Rasimu inasema wakulima walishindwa kufika mashambani. Wakulima wa Rungwe wanaishi ndani ya mashamba yao! Parachichi halichumwi likiwa limelowa kwa sababu ganda lililolowa huchubuka kirahisi, madoa hujitokeza baadaye ndani ya kontena, na uozo hupata pa kuingilia. Wakala anayejua mazao haya akisoma kwamba watu walishindwa kufika atajiuliza kwa nini hamkutafuta vibarua wengine. Akisoma kwamba tunda lilikuwa limelowa, anaelewa papo hapo kwamba kusubiri kunaokoa mzigo.

#11 KonaYaKitonga

Nilidhani mvua inayafanya maparachichi yaive haraka mtini, ndiyo maana yanaharibika.

#12 NjombeBaridi

Hapana, mkuu. Parachichi haliivi likiwa mtini. Hukomaa, kisha hulainika baada ya kuchumwa, na ndiyo sababu unaweza kuliacha juu ya mti siku kadhaa zaidi bila hasara kubwa. Hiyo pia ingefaa kuandikwa kwa wakala, kwamba kusogeza hadi Ijumaa hakuharibu ubora.

#13 ChakiNaUbao

Aliyoyaleta NjombeBaridi yanabadilisha swali. Kosa la ukweli si kosa la mpangilio wala la lugha. Karani hawezi kulirekebisha kwa kuandika upya, hata akiandika usiku kucha, kwa sababu hajui. Hapo maoni lazima yampe ukweli wenyewe au yamwambie akamuulize nani. Nadhani barua nyingi zinazorudi mara tatu ofisini zinarudi kwa sababu hii, na mkubwa anaendelea kuandika "haieleweki".

#14 BintiMufindi

Na mimi nitakwenda hatua moja zaidi, MtuWaTukuyu utanisamehe. Rasimu iliyosema "kuchelewa kidogo" iliandikwa na mtu ambaye pengine hakuwa ameambiwa Ijumaa. Ninapoandika "hivi karibuni" au "kwa kiasi fulani", mara nyingi ni kwa sababu sina tarehe wala kiasi, na naona aibu kurudi kuuliza. Hakuna maoni juu ya lugha yatakayozaa tarehe ambayo mwandishi hana.

#15 MtuWaTukuyu

Ndaga kwa wote, mmenipa mengi. Lakini BintiMufindi, tarehe ilikuwepo. Ijumaa iliandikwa kwenye ubao wa ratiba tangu asubuhi na kila mtu aliiona.

#16 BintiMufindi

Ubao huo uko ghalani au ofisini?

#17 MtuWaTukuyu

Uko ghalani. Lakini karani hupita pale kila siku.

#18 KonaYaKitonga

Hapo kesi imechukua sura mpya.

#19 LolezaJuu

Hata kama aliuona ubao, kuna tofauti kati ya kuona Ijumaa ubaoni na kujua kwamba umeamua kumwomba wakala Ijumaa. Ubao unaonyesha mpango wa kuchuma. Ombi kwa wakala ni uamuzi wa mkubwa, kwa kuwa lina gharama ndani yake. Karani mwenye adabu hawezi kuiahidi kampuni gharama bila kuambiwa, na ndiyo maana naona ajabu kidogo kwamba sentensi ya gharama ilikuwemo na Ijumaa haikuwemo. Pengine ya gharama aliinakili kutoka barua ya zamani.

Kwa hiyo mimi huongeza hatua moja. Baada ya kutoa maoni namwomba mwandishi aniambie, kwa mdomo na kwa ufupi, anakwenda kubadilisha nini. Kama karani wako angejibu "nakwenda kuipunguza iwe mistari mitatu", ungemzuia palepale, kabla hajaandika chochote.

#20 MzeeWaMasjala

Marahaba, binti wa Mufindi, nilikuwa shambani. Hili la mwisho la LolezaJuu nalikubali, maana hata sisi mkubwa alipoona jambo halielezeki kwa kalamu aliandika "Tuonane" pembeni ya dokezo, na dakika tano za kuonana zilimaliza mambo. Ila bado nasema mnamsumbua kijana kwa maswali. Mtu mdogo akiulizwa na mkubwa "umeelewa?" atajibu ameelewa.

#21 LolezaJuu

Mzee, ndiyo maana siulizi "umeelewa?" Nauliza "utaanza na sentensi gani?" Swali hilo halijibiki kwa ndiyo.

#22 ChakiNaUbao

Linajibika kwa kubahatisha, nayo ni kazi ambayo wanafunzi wangu wanaiweza sana. Nakubali kwamba linasaidia, lakini kwa mtu anayekuogopa utapata sentensi anayodhani unaitaka. Kwa watu wa namna hiyo naona njia ya Mzee ina nafasi yake: mwandikie sentensi moja kwa mkono wako iwe mfano, kisha mwachie zilizobaki.

#23 MtuWaTukuyu

Basi niwaletee jambo jipya badala ya lile lililokwisha. Tumepokea maboksi ya kilo nne ya kufungashia matunda, na sehemu ya mzigo imelegea, ukiyapanga ya chini yanabonyea. Karani ameandika rasimu ya kudai tubadilishiwe. Nimeandaa maoni haya na sijamtumia bado:

"Msomaji ni ofisa mauzo. Hawezi kutubadilishia bila idhini ya mkubwa wake, kwa hiyo anahitaji kitu cha kumwonyesha: namba ya ankara, idadi ya maboksi yaliyolegea, na picha. Rasimu inasema 'mmetuangusha' mara mbili na haisemi idadi. Aya ya mwisho, inayotaja tarehe tunayohitaji maboksi mapya, iache kama ilivyo."

#24 KonaYaKitonga

Nimetumia kipimo cha LolezaJuu cha kutii kwa mkato. Ataongeza ankara, idadi na picha, na "mmetuangusha" zote mbili zitabaki, kwa sababu umezihesabu tu na hukusema unataka zifanyweje.

#25 LolezaJuu

KonaYaKitonga leo amefanya kazi. Hapo kuna uamuzi ambao ni wako, MtuWaTukuyu. Unataka mwuzaji ajue kwamba umekasirika, au hutaki? Ofisa akiipeleka barua kwa mkubwa wake, mkubwa atasoma hasira kabla hajaifikia idadi. Wengine hupenda iwe hivyo, wengine hawapendi, lakini karani hawezi kukuamulia.

#26 MzeeWaMasjala

Zifutwe zote mbili. Barua ya ofisi haigombi.

#27 NjombeBaridi

Ibaki moja. Wauza maboksi wasipogombezwa wanakuletea mengine yaleyale.

#28 BintiMufindi

Mimi nina swali dogo tu: idadi ya maboksi yaliyolegea anayo nani? Kama karani hajahesabu na hakuna aliyemwambia akamuulize nani, rasimu itarudi imeandikwa "maboksi mengi".

#29 MtuWaTukuyu

Idadi anayo mtunza ghala. Naliongeza hilo kwenye maoni sasa hivi, pamoja na jina lake, na namtumia kijana kabla ya chakula cha mchana. Kuhusu "mmetuangusha" nimeandika ibaki moja, iwe baada ya idadi. Mzee atanisamehe.

#30 ChakiNaUbao

Ulimwambia ni ipi kati ya hizo mbili?